Chalenji ya Kunawa Mikono

Mwaka wa pili wa korona, chuo kikuu kimoja cha hapa Sydney kiliamua kunifundisha kunawa mikono. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kwetu Kenya nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi miaka kumi na minne, sita ya mwisho nikisimamia wodi ya kifua kikuu, mahali ambapo asiyejua kunawa mikono hujifunza haraka au hulazwa kitanda cha pili. Lakini hayo yalikuwa mambo ya Afrika, na chuo kilikuwa na adabu ya kutosha kutoyataja.

Barua pepe ilinieleza kwamba nimebakiwa na kozi moja tu ya nadharia ili nimalize shahada. Kozi hiyo iliitwa Misingi ya Kuzuia Maambukizi, nayo ilikuwa ya wiki kumi na tatu. Nikafungua ratiba yake. Wiki ya kwanza: Kijidudu ni Nini? Wiki ya pili: Mikono Yetu. Wiki ya tatu ilirudi kwenye mikono, nadhani kwa ajili ya wale ambao yao ilikuwa bado michafu. Nilisoma ratiba yote mpaka mwisho, nikafunga kompyuta, nikaenda kuoga ili nisimpigie mtu simu ya matusi.

Naomba nieleze hali yangu. Leseni yangu ya Kenya haikutambuliwa hapa, kwa hiyo nilikuwa nasoma shahada upya, na huku nasoma nilifanya kazi ya usaidizi katika nyumba ya wazee karibu na Bankstown. Msaidizi huogesha, hulisha, hugeuza na kubadilisha shuka. Dawa haruhusiwi kuzigusa. Nilikuwa nimewahi kuongoza manesi kumi na mmoja, na sasa nilikuwa naomba ruhusa ya kumpa bibi wa watu panadoli ya kichwa.

Ila korona ilipoingia, heshima ilinirudia kwa mlango wa nyuma. Kila asubuhi tulivaa magauni ya plastiki, barakoa, miwani na glavu, na katika nyumba nzima mimi peke yangu ndiye niliyewahi kuvaa vitu hivyo mbele ya ugonjwa wa kweli. Nesi mmoja kijana, mwenye shahada mpya kutoka chuo hichohicho changu, alikuwa ameipita ile kozi ya wiki kumi na tatu kwa alama za juu kabisa. Kila asubuhi alinisubiri mlangoni aniulize kwa upole anavua kipi kwanza. Nilimjibu glavu. Glavu, unanawa, gauni, unanawa, miwani, unanawa, barakoa mwisho, unanawa tena. Kesho yake aliniuliza tena.

Huyo kijana alikuwa anaondoka, anahamia hospitali kubwa. Mkuu wa nyumba yetu, mama wa Kiaustralia asiyezunguka maneno, aliniita ofisini akaniambia nafasi ile ya nesi ni yangu iwapo usajili wangu utakuwa umetoka kabla ya mwisho wa Septemba. Baada ya hapo ofisi kuu itaitangaza, naye hatakuwa na la kufanya. Nilipiga hesabu ya miezi palepale nimesimama. Nikiisoma kozi, matokeo ni Novemba, usajili labda Krismasi. Nisipoisoma, bodi ya usajili ingepata jina langu Agosti. Kilichosimama kati yangu na gauni la nesi ni wiki kumi na tatu za kuambiwa sabuni ni nini.

Aliyenionyesha njia ni Mama Mwenyekiti. Hivyo ndivyo tulivyomwita sote, kwa sababu aliongoza kikundi cha maombi cha akina mama Wakenya wanaofanya kazi za kutunza wagonjwa na wazee. Umri wake ulikuwa unakaribia sitini, na alikuwa msaidizi katika nyumba yetu hiyohiyo kwa miaka mingi kuliko zulia la ukumbini. Nyumbani alikuwa nesi wa hospitali ya misheni. Mtu akimuuliza kwa nini hapa hakuitafuta leseni, alijibu jibu moja tu, kidevu juu: yeye alichagua wazee, makaratasi alituachia sisi. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Nakiri kwamba kimoyomoyo nilimwona mvivu wa vitabu.

Tulikuwa kwenye chumba cha chai, kila mmoja kwenye kiti chake kilichowekewa alama ya utepe, mita moja na nusu kama sheria ilivyotaka. Nilikuwa namlalamikia kuhusu ratiba ya Mikono Yetu.

"Si uombe chalenji?" akasema. "Challenge exam. Unalipa, unakaa mtihani, ukipita unairuka kozi yote."

Nilikuwa sijawahi kuisikia.

"Lakini ni mara moja tu, mami. One go. Ukishaingia umeingia, hata tumbo likuume. Na ukianguka hawaandiki popote. Inakuwa ni kama hukukaa."

Nikamshukuru. Wala sikujiuliza amejuaje. Mama Mwenyekiti alijua bei ya nyama ya mbuzi kila mtaa wa magharibi ya Sydney, na daktari gani wa meno anakubali kulipwa kidogokidogo, basi kwa nini asijue na hili.

Kanuni za chalenji zilikuwa ukurasa mmoja, na aliyeuandika hakuwa amependa mtu yeyote aifanye. Ada ilikuwa dola mia mbili na themanini, hairudishwi, upite, uanguke au ufe. Ilikuwa sehemu ndogo tu ya karo ya kozi yenyewe, kwa hiyo sikulalamika sana. Alama ya kupita ilikuwa sitini na tano. Wanaosoma kozi yenyewe hupita kwa hamsini, maana yake ambaye hakufundishwa alitakiwa kujua zaidi ya aliyefundishwa. Mtihani ulikuwa mmoja kwa kila kozi, kwa maisha yako yote chuoni. Hukuruhusiwa kuukaa ikiwa uliwahi kuianguka kozi hiyo, wala ikiwa jina lako limo kwenye orodha ya kozi siku ya mtihani. Mimi chuo kilikuwa kimeshaniandikisha chenyewe, kwa wema wake, kwa hiyo ilinibidi nijitoe kwanza.

Nilipiga simu ofisi ya wanafunzi nihakikishe. Karani alikuwa kijana mchangamfu aliyeonekana kufanya kazi akiwa kitandani. Nilimuuliza nikipata tisini na nane itaandikwaje. Akasema kwenye hati ya matokeo itaandikwa nimepewa krediti kwa mtihani, bila alama, na haiingii kwenye wastani. Nikipata sitini na sita? Vilevile. Na sitini na nne? Hapo hakiandikwi kitu, akasema, ila nafasi yangu imeshatumika na kozi lazima niisome. Alilisema kwa furaha, kama mtu anayekueleza kwamba maegesho ni ya bure.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, la tarehe. Mtihani ulikuwa Alhamisi, wiki moja kabla muhula haujashika kasi. Matokeo yangetoka baada ya siku tano za kazi, yaani Alhamisi iliyofuata. Siku ya mwisho ya kujiandikisha kwenye kozi ilikuwa Ijumaa yake, saa kumi na moja jioni. Nikianguka nina siku moja ya kujiandikisha, nikichelewa hapo kozi inarudi Februari. Na nikijiandikisha kabla ya matokeo, ombi langu la chalenji linahesabiwa nimelifuta. Karani aliniambia muda upo mwingi sana.

Basi nikalipa, nikajitoa kwenye kozi, nikasubiri.

Wakati huo Sydney ilikuwa imefungwa, na sisi wa Bankstown tulifungwa zaidi ya wengine. Helikopta ya polisi ilipita juu ya mapaa, na kutoka mtaani ilibidi uwe na karatasi ya kazi. Mtihani ambao miaka yote ulikaliwa ukumbini ukahamishiwa vyumbani mwetu. Unawasha kamera, unawasha kipaza sauti, programu inafunga kompyuta yako yote, na mtu usiyemwona anakuangalia saa mbili nzima. Chumbani kusiwe na mtu, kitabu wala simu. Ilibidi nizungushe kompyuta nimwonyeshe chini ya kitanda. Aliona sanduku langu na viatu vya kanisani ambavyo havikuwa vimekanyaga kanisa tangu Juni.

Sasa kuna desturi yetu, na hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Mmoja wa kikundi akiwa na mtihani, wenzake hupiga simu ya pamoja na kumwombea tangu unapoanza hadi unapokwisha. Na mwenye mtihani lazima naye awe kwenye laini. Hahitaji kusema wala kusikiliza, ila simu yake iwe wazi, maombi yapate pa kufikia. Nilimwambia Mama Mwenyekiti kwamba chuo hakitaki simu. Akasema hakitaki chumbani, je, jikoni wamekataa? Niliisoma kanuni tena, jikoni hawakuwa wamekataa.

Nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja na jiko, ukuta wake mwembamba. Saa tano kasoro dakika tano nilijiunga na laini, nikasalimia, nikabonyeza kitufe cha kuzima sauti ili wasinisikie nikikohoa, kisha nikaiweka simu ndani ya sufuria ya ugali juu ya rafu, isije ikatetemeka na kuanguka. Nilijiona mjanja. Kitufe kile kilinizima mimi. Wao hakikuwazima. Na kipaza sauti bora kuliko sufuria ya ugali bado sijakiona. Miaka kumi na minne nimezuia bakteria wasitoke wodini, nikashindwa kuzuia akina mama sita wasitoke kwenye simu.

Maswali yalikuwa sitini ya kuchagua na manne ya kueleza. Yalikuwa mepesi kiasi cha kunitia hasira. Mzee anayekohoa yuko chumba cha vitanda vinne, unafanya nini kwanza? Nilikuwa nimelifanya hilo jana yake saa mbili asubuhi. Taja nyakati tano za kusafisha mikono. Eleza ni lini barakoa ya kawaida haitoshi. Panga hatua za kuvua mavazi ya kujikinga. Nilipofika hapo nikamkumbuka yule nesi kijana, nikaandika kwa herufi nzuri kabisa, glavu kwanza.

Tangu dakika za kwanza nilikuwa nasikia mnong'ono nyuma ya ukuta. Sikujali. Ilikuwa saa tano asubuhi, saa ambayo kiongozi wa jimbo alisimama kila siku kwenye televisheni kutangaza wagonjwa wapya, na kila nyumba ya mtaa wetu ilimfungulia sauti. Nikadhani ni jirani. Nilimaliza zikiwa zimebaki dakika ishirini, nikabonyeza kutuma, nikaenda jikoni. Simu ilikuwa ya moto. Wengine walikuwa wameshakata, wamekwenda shifti. Amebaki mmoja.

"Umemaliza?" Mama Mwenyekiti aliuliza. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Nimemaliza, mum."

"Haya," akasema, akakata.

Alhamisi iliyofuata niliamka mapema nikapika chai ya maziwa, kama mtu anayengojea habari njema. Barua ikaja saa nne. Matokeo yangu yamezuiwa. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, midomo yangu ilikuwa ikitembea karibu mtihani mzima. Hilo ni kweli, mimi husoma swali kwa midomo tangu darasa la kwanza, na mwalimu wangu wa wakati huo alitusifu kwa hilo. Ya pili, kinasa sauti kilisikia watu wengine wakizungumza kwa lugha isiyo Kiingereza. Jopo la uadilifu lingekaa Jumanne. Likiona nimesaidiwa, mtihani unafutwa, na nafasi inahesabiwa nimeitumia.

Nilimpigia mratibu wa kozi, mwanamke mpole ambaye nadhani aliona aibu kwa niaba ya wote. Akanishauri nijiandikishe kwenye kozi kesho kabla ya saa kumi na moja. Nitakuwa salama, akasema. Nikamuuliza chalenji je? Itakuwa umeifuta, na nafasi huirudishiwi. Kwa hiyo Novemba. Nisipojiandikisha na jopo likanikataa, Februari. Nafasi ya Septemba niliyoahidiwa ilikuwa na tundu moja tu la kupitia, nalo lilikuwa Jumanne.

Kazini nilimwambia Mama Mwenyekiti kwamba kompyuta ilisikia kelele. Sikutaja nani. Alikuwa anakunja taulo, akaacha.

"Walisikia nini?"

Nikamwambia sijui, kelele tu, hawajatafsiri bado. Akakunja taulo moja, akalikunjua, akalikunja tena. Akaniuliza mara ya pili walisikia nini, nami nikamjibu vilevile. Kisha akasema atawaandikia barua awaambie ni yeye, yeye ndiye aliyenishauri jikoni, jina lake waliweke waziwazi. Nilidhani ni hatia ya yule aliyenitia mashakani, nikamwambia asijali. Nilikuwa nimekasirika kidogo naye, na nadhani alijua.

Ijumaa nilikaa mbele ya ukurasa wa kujiandikisha kuanzia saa tisa. Kitufe kilikuwa cha kijani. Ningependa kusema nilikuwa na imani. Nilikuwa na hasira. Niliwaza wiki kumi na tatu za mikono, nikawaza yule kijana mwenye alama za juu akiniuliza mlangoni, na kidole kikakataa. Saa kumi na moja kamili kitufe kikawa cha kijivu. Hapo ndipo hofu ilipoingia, imechelewa, baada ya mambo kwisha. Nililia jikoni mbele ya ile sufuria.

Jumanne jopo lilikaa kwa video. Walikuwa watatu: profesa mzee aliyeliongoza, mwenye rafu ya vitabu nyuma yake, yule mratibu, na mama wa ofisi ya wanafunzi. Kwenye simu kulikuwa na mkalimani, mwanamume wa Kiswahili kilichonyooka, Mtanzania bila shaka. Wangepiga kinasa kipande kwa kipande, yeye atafsiri, mimi nieleze.

Kipande cha kwanza kilianza kwa nguvu. Hata mimi nilishangaa jinsi sufuria ilivyofanya kazi. Sauti ya mwanamke ilisema Bwana mpe majibu, yote Bwana, usimfiche hata moja. Mkalimani akatafsiri neno kwa neno, bila kupunguza. Profesa akaandika. Kisha akauliza kwa uangalifu mkubwa huyo anayeombwa majibu ni nani, na kama ana uhusiano wowote na chuo. Nikamjibu kwamba ni Mungu, na kwa ninavyofahamu hajajiandikisha. Mratibu akainama chini ya meza kutafuta kalamu, akakawia.

Profesa hakucheka. Akauliza kama kuna jibu lolote lililotolewa. Nikasema kama lingetolewa ningekuwa nimemaliza baada ya dakika kumi. Mama wa ofisi akaniomba nijibu ndiyo au hapana. Hapana, nikasema.

Wakasikiliza vipande sita au saba. Akina mama wakiomba, wakiimba kidogo, mmoja akiaga kwamba basi lake limefika. Mratibu alithibitisha kwamba hakuna aliyetaja glavu, wala bakteria, wala herufi ya jibu lolote. Nikaanza kupumua. Profesa akasema kimebaki kipande kimoja, cha dakika za mwisho, sauti moja tu, na hii ndiyo iliyo wazi kuliko zote.

Nilimjua kabla hajamaliza neno la kwanza. Wengine walikuwa wamekata, na alidhani yuko peke yake na Mungu wake.

"Bwana, mimi uliniacha siku ile," Mama Mwenyekiti alisema ndani ya sufuria yangu. "Walinipa mara moja, nikaanguka. Hawakuandika popote, na mimi nikanyamaza. Miaka kumi na miwili nawaambia watoto wa watu nilichagua wazee. Huyu usimfanye kama mimi. Huyu mpe."

Halafu kilio, kile cha mtu mzima anayekizuia, kilichokwisha vibaya.

Nilimwomba mkalimani moyoni asiendelee, lakini kazi yake ni kazi yake. Akaitafsiri yote, taratibu, kwa Kiingereza safi, mbele ya watu watatu wasiomjua. Alipofika kwenye kuchagua wazee alikohoa.

Profesa akavua miwani. Akaniuliza kama ninamfahamu msemaji. Nikasema ndiyo, ni mwenzangu kazini. Akauliza kama maneno hayo yana uhusiano na maswali ya mtihani. Mratibu alijibu kabla yangu, akasema hapana, hayana, na anaomba kinasa kizimwe. Niliona aibu ambayo sikujua pa kuiweka. Niliona aibu kwa kumwita mvivu wa vitabu hata kama nilimwita kimoyomoyo. Kumbe chuo kilichomwangusha kilikuwa hichohicho changu, na mwenyewe aliwahi kuniambia tu kwamba alipita hapo kutembea.

Jibu lilitoka alasiri. Hakuna udanganyifu. Nimepewa onyo kuhusu simu, na naombwa siku zijazo nizingatie roho ya kanuni na si maandishi yake tu. Neno roho, kwa hali ilivyokuwa, nililiona la ukarimu. Matokeo yangu yameachiliwa: krediti imetolewa. Niliwajibu nikauliza nimepata ngapi. Wakaandika kwamba alama za mtihani wa namna hii hazitolewi. Nilifungua hati yangu ya matokeo, na mbele ya Misingi ya Kuzuia Maambukizi, kwenye nafasi ya alama, palikuwa na kistari.

Nafasi nikaipata. Usajili ulitoka mwisho wa Agosti, na mkuu wa nyumba akanipa funguo za kabati la dawa kwa kunirushia kutoka mita moja na nusu. Lakini hayo yalikuja baadaye. Kesho yake baada ya jopo niliingia chumba cha chai, na Mama Mwenyekiti alikuwa kwenye kiti chake cha utepe.

"Umepita?"

"Nimepita, mum."

"Praise God." Akafunga macho, akayafungua. Kisha, kwa sababu ni Mkenya na Mkenya lazima aulize, "Ngapi?"

"Hawaandiki."

"Najua," akasema. "Hawaandiki."

Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Na ile kelele," akasema bila kuniangalia. "Walisikia nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kumdanganya. Njia nzima kwenye basi nilikuwa nimeutunga uongo mzuri, kwamba kinasa kilikuwa kibovu, kwamba walisikia nyimbo tu. Nikaiona mikono yake, imekauka na kupasuka kwa kunawa, na nikashindwa.

"Walisikia maombi. Kulikuwa na mkalimani."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, mum."

Akanywa chai yote, akainuka, akakiosha kikombe chake kwa sabuni, akakikausha, akakitundika kwenye msumari wake.

"Na waliandika?"

"Jopo huandika kila kitu," nikasema. "Inabaki kwenye faili."

"Haya," akasema. "Basi sasa imeandikwa."

Kengele ya chumba cha nne ikalia. Alichukua gauni la plastiki, akaingiza mikono, akanigeuzia mgongo. Nilivuka utepe nikamfunga kamba zake.